Insha Tatu, Wiki Mbili: Hesabu ya Mwanafunzi wa Mwanga

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa sosholojia anayesoma kwa masafa, anaishi Mwanga mjini Kigoma, na mchana yuko dukani. Ana insha tatu za maneno 1,500 kila moja, zote za kukabidhiwa baada ya wiki mbili kuanzia Jumatatu. Ya kwanza inahusu nadharia ya Durkheim ya mgawanyo wa kazi. Ya pili inahusu athari za kufungwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ya tatu inamtaka aeleze ukuaji wa idadi ya watu mkoani Kigoma.

Kwenye kalenda ana siku 14, lakini siku si kipimo kizuri. Siku 10 za kazi zinampa saa 3 za jioni kila moja, yaani saa 30. Siku 4 za mwisho wa wiki zinampa saa 5 kila moja, yaani 20. Jumla ni 50. Akitoa asilimia 10 kwa umeme kukatika, wageni na misiba, zinabaki 45.

Sasa mahitaji. Kila insha tunaipa saa 7 za kusoma, 2 za kunukuu na kupanga hoja, 5 za kuandika rasimu kwa kasi ya maneno 300 kwa saa, na 2 za kusahihisha na kupanga marejeo. Hizo ni 16, na kwa insha tatu ni 48. Rasimu zikiandikwa kwa mkono, kuchapa maneno 4,500 kwa kasi ya maneno 20 kwa dakika huchukua saa 3 na dakika 45. Mahitaji yamefika saa 51 na dakika 45, karibu saa 7 zaidi ya alizonazo.

Wengi hupunguza usomaji wa kila insha kwa kiasi kilekile. Lakini insha hizi hazilingani. Kitabu cha Durkheim cha mwaka 1893 kinahudumia mbili: anayeelewa hoja yake kwamba watu wenye kazi tofauti hufungamana kwa kutegemeana ana chombo cha kuchambua mwalo wa Kibirizi, ambako mwenye mtumbwi, mvuvi, mwanamke anayeanika dagaa na mchuuzi wote huguswa ziwa likifungwa. Usomaji wa insha ya pili unashuka kutoka saa 7 hadi 3. Kinachoshirikishwa ni maelezo aliyonukuu tu. Aya ileile ikionekana katika insha mbili, msahihishaji ana haki ya kuikataa.

Insha ya tatu inahitaji majedwali kuliko vitabu, kwa hiyo saa 3 za kusoma na 1 ya hesabu zinatosha. Sensa ya 2012 iliupa mkoa watu 2,127,930, na ya 2022 ikaupa 2,470,967. Ongezeko ni asilimia 16.1, wakati taifa lilitoka 44,928,923 hadi 61,741,120, yaani asilimia 37.4. Jibu la haraka ni kwamba wakimbizi waliondoka. Kambi ya Mtabila, Kasulu, ilifungwa Desemba 2012, miezi michache baada ya sensa ya Agosti, na takriban Warundi 35,000 wakarudi kwao. Hata tukidhani wote walikuwa wamehesabiwa, tukiwatoa kwenye idadi ya 2012 ukuaji unapanda hadi asilimia 18.1 tu. Pengo na taifa linabaki kubwa, na hapo ndipo insha inapoanza.

Kwa kuokoa saa 4 na 3, mahitaji yanakuwa saa 44 na dakika 45. Mpango unatosha kwa robo saa, na mpango unaotosha kwa robo saa unastahili kutiliwa shaka. Ile asilimia 10 ilikuwa kadirio tu. Ikiwa 20, saa zilizopo ni 40 na upungufu ni karibu 5.

Je, awalipe watu wa steshenari? Tuseme kuchapa ni shilingi 1,000 kwa ukurasa na kurasa ni 21: jumla 21,000 kabla ya kuprinti. Kwa saa 3 na dakika 45 zinazookolewa, hiyo ni shilingi 5,600 kwa saa. Lakini mchapaji asiyezoea majina ya wanasosholojia huacha makosa. Kuyasahihisha kukichukua saa 2, saa halisi zilizookolewa ni 1 na dakika 45, na bei inapanda hadi shilingi 12,000 kwa saa. Nafuu zaidi ni kuandika insha ya tatu moja kwa moja kwenye kompyuta, maana ni fupi kwa hoja na nzito kwa takwimu.

Kipimo kipo Ijumaa ya kwanza usiku. Mpango wa asilimia 10 unataka awe amefanya kazi saa 13 na nusu. Wa asilimia 20, saa 12. Akiwa na 12 au chini yake, aache chanzo kimoja cha insha ya tatu na amwombe mwalimu siku mbili za nyongeza Jumamosi hiyo, kabla ya wiki ya pili kuanza.