Mita 1,500 Zilizogeuka 1,640

Tumchukue mwogeleaji wa kawaida, mwenye kazi yake na mazoezi mara tatu kwa wiki. Bwawani anamaliza mita 1,500 kwa dakika 30 kamili, yaani dakika mbili kwa kila mita 100. Siku ya mashindano anaingia baharini kwa umbali uleule na kutoka baada ya dakika 34 na nusu. Anapiga hesabu akiwa bado na chumvi usoni: dakika 2 na sekunde 18 kwa mita 100. Anarudi nyumbani akiamini kwamba mazoezi ya msimu mzima yamekwenda bure. Pengine hayakwenda bure. Tatizo ni kwamba hakuogelea mita 1,500.

Waandaaji hupima njia kutoka boya hadi boya kwa mstari ulionyooka. Bwawani mstari huo umechorwa sakafuni kwa vigae vyeusi, na kamba za kuelea ziko kulia na kushoto. Baharini, chini hakuna kitu ila mchanga, majani au giza tupu. Mtu anabaki na hisia zake mwenyewe za upande gani ni mbele, na hisia hizo hudanganya.

Mwaka 2009 mtafiti Jan Souman na wenzake wa Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya msituni na katika Jangwa la Sahara upande wa Tunisia. Watu waliambiwa watembee moja kwa moja, basi. Walipoliona jua au mwezi, walinyooka. Mawingu yalipofunika jua, walianza kuzunguka na kukatiza njia waliyokwisha pita bila kujua. Waliofungwa macho, baadhi yao walizunguka kwenye duara dogo la mita 20 hivi, huku wakidhani wanakwenda mbele. Na hao walikuwa wamekanyaga ardhi imara.

Mwogeleaji ana sababu nyingine zaidi za kupinda. Mkono mmoja una nguvu kuliko mwingine. Wengi huvuta pumzi upande mmoja tu, na kila wakigeuza kichwa mwili nao huzunguka zaidi upande huo. Kuna pia kosa ambalo makocha hulikemea kila siku: mkono unaingia majini ukiwa umevuka mbele ya pua, kisha unausukuma mwili pembeni. Bwawani makosa haya hayaonekani, maana jicho linauona mstari mweusi na kurekebisha kabla akili haijagundua. Anayetaka kujijua asubiri bwawa liwe tupu, amwombe mtu asimame kando amlinde, kisha aogelee akiwa amefumba macho. Njia ya bwawa kwa kawaida ina upana wa mita 2.5. Ukianza katikati na kupinda nyuzi 10 tu, utaigusa kamba baada ya mita saba hivi. Zingatia ni kamba ya upande gani, kwa sababu ndiko utakakopotelea baharini.

Hata hivyo kupinda kwenyewe hakugharimu sana kama watu wanavyodhani. Anayekwenda akiwa amekosea nyuzi 10 kutoka kwenye mstari wa boya, lakini akarekebisha kila mara, anaongeza asilimia 1.5 tu ya safari, ambayo katika mita 1,500 ni kama mita 23. Gharama inapanda haraka pembe inapokua: nyuzi 20 zinaongeza karibu mita 100, na nyuzi 30 zinapita mita 230.

Kinachowaumiza wengi zaidi ni kuchelewa kugundua. Chukua kipande cha mita 500 kuelekea boya la kwanza, na waogeleaji wawili wanaopinda kwa nyuzi 15 zilezile. Wa kwanza anatazama mbele kila baada ya mikono kumi hivi na kujielekeza upya. Atafika baada ya kuogelea mita 518. Wa pili hapendi kuvunja mdundo wake, anainamisha kichwa na kuchapa mita 400 bila kutazama. Anapoinua macho, boya liko kando yake, zaidi ya mita 100 nje ya mstari wake. Hata akinyooka kama rula kuanzia hapo, atafika akiwa ameogelea mita 554. Ulemavu wa mkono ni mmoja, hasara ni mara tatu.

Kutazama mbele nako kuna bei yake. Ukiinua kichwa chote, miguu inazama na mwili unageuka breki. Waliozoea huinua macho tu, maji yakiwa bado usawa wa pua, kama mamba anayechungulia, kisha hugeuza kichwa pembeni na kuvuta pumzi kama kawaida. Hufanya hivyo wimbi linapowainua, maana ukitazama ukiwa kwenye bonde la wimbi utaona maji tu. Tena hawalitafuti boya. Boya ni dogo na hujificha. Wanatafuta kitu kirefu kilicho nyuma yake: mnara wa simu, mnara wa msikiti, mnazi uliosimama peke yake, paa jekundu.

Hapa pwani yetu inakuja na mtego wake. Kuanzia Lamu hadi Mtwara sehemu kubwa ya ufukwe inatazama mashariki, na watu huogelea asubuhi kabla upepo haujaamka. Kwa hiyo kipande cha kwenda nje kinaogelewa huku jua likipiga usoni, miwani imejaa mng'ao, na mbele hakuna jengo wala mti, ni upeo wa bahari. Kipande cha kurudi jua liko mgongoni na nchi kavu imejaa alama. Ukiwatazama wageni wa bahari ukiwa kwenye ngalawa ya usalama, utawaona wanatawanyika kama kuku wakati wa kwenda, na wanapanga mstari wakati wa kurudi. Dawa ni kuangalia kabla ya kuingia: simama ufukweni, tazama jua liko mkono gani wa boya na kwa umbali gani, ulitumie lenyewe kama alama.

Sasa turudi kwa yule wa dakika 34 na nusu. Saa yake ya mkononi yenye GPS ilirekodi mita 1,640. Tukiiamini, kasi yake halisi ilikuwa dakika 2 na sekunde 6 kwa mita 100. Katika dakika nne na nusu alizochelewa, karibu dakika tatu zimeliwa na mita 140 za kupotea. Zilizobaki, kama dakika moja na nusu, ndizo kuchelewa kwa kweli: mawimbi, kuinua kichwa, msongamano wa watu kwenye boya, na kukosa ukuta.

Ukuta huo usidharauliwe. Katika bwawa la mita 25, mita 1,500 zina migeuko 59, na kila mgeuko unakupa msukumo wa miguu na mita kadhaa za kuteleza bila kupiga mkono. Mjerumani Florian Wellbrock aliogelea mita 1,500 kwa dakika 14:06.88 huko Abu Dhabi mwaka 2021 katika bwawa la mita 25, ikawa rekodi ya dunia. Mmarekani Bobby Finke aliweka rekodi ya dunia ya bwawa la mita 50 katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 kwa 14:30.67. Sekunde 24 kati ya rekodi hizo mbili, kwa sehemu kubwa, ni kuta. Kwa hiyo kasi ya bwawani ambayo mwogeleaji wetu anaililia ilikuwa tayari imepambwa.

Lakini tusiiamini saa upesi. Mawimbi ya redio ya satelaiti hayapenyi majini. Saa iliyo mkononi hupata nafasi yake pale tu mkono unapotoka juu, na mara nyingi muda huo hautoshi. Inapokosa, inaunganisha nukta mbili kwa mstari ulionyooka na kuyafuta mapindo yako ya kati, hivyo umbali unapungua. Inapopata nukta zenye makosa, inachora vikona ambavyo hukuviogelea, na umbali unaongezeka. Hapohapo, bwawani saa hiyo haitumii satelaiti kabisa: inahesabu migeuko na kuzidisha kwa urefu wa bwawa ulioingiza mwenyewe. Ukilinganisha namba hizo mbili, unalinganisha vipimo vya mizani mbili tofauti.

Njia rahisi ya kuikagua ni kufungua ramani ya safari yako. Mistari yenye vikona vikali kama meno ya msumeno ni kosa la saa. Hakuna binadamu anayegeuka hivyo majini. Mkunjo mpana na laini unaokwenda upande mmoja, kisha kurudi kwa ghafla kwenye boya, huo ni wako. Wengine huivaa saa chini ya kofia ya kuogelea, kisogoni, ambako iko karibu na anga muda wote, na ramani hutoka safi zaidi.

Kuna mkunjo mmoja ambao si kosa la saa wala la macho. Kapteni Matthew Webb alipovuka Mfereji wa Uingereza mwaka 1875, upana ni kama kilomita 33, lakini njia yake inakadiriwa kupita kilomita 60. Hakupotea, alikuwa na mashua ya kumwongoza. Maji yaliyopwa na kujaa yalimbeba kando. GPS hupima ulivyosogea juu ya dunia, si ulivyosogea ndani ya maji, kwa hiyo inakuhesabia mita ulizobebwa bure na kukunyima ulizopigana nazo. Siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu kwenye pwani ya Tanzania, mkondo kati ya kisiwa na bara unaweza kumfanya mzembe aonekane bingwa, na bingwa aonekane amechoka.

Ndiyo maana napendekeza uachane na kulinganisha bahari na bwawa. Chagua njia moja ufukweni, yenye alama mbili zisizohama. Iogelee siku za maji mafu, saa ileile ya maji, kwenda na kurudi. Andika muda, umbali wa saa na hali ya upepo. Baada ya wiki kadhaa utaona umbali wa saa ukisogea karibu na umbali wa ramani, na hapo utajua macho yako yamejifunza, hata kama mikono haijaongeza kasi hata kidogo.