Nguzo Moja Ikiondoka

Asubuhi ya tarehe 19 Aprili 1995, lori lenye bomu lililipuka mbele ya jengo la serikali la Alfred P. Murrah, mjini Oklahoma City, Marekani. Watu 168 walikufa. Wahandisi walipochambua kifusi waliona kwamba nguvu ya bomu ilikuwa imeisaga nguzo moja tu, ile iliyoandikwa G20 kwenye michoro, ambayo lori liliegeshwa mita 5 hivi kutoka kwake. Nguzo mbili za jirani zikakatika. Baada ya hapo bomu lilikuwa limemaliza kazi yake, na karibu nusu ya jengo la ghorofa 9 iliangushwa na uzito wake yenyewe. Wengi wa waliokufa walikuwa katika sehemu hiyo iliyoporomoka.

Upande wa barabarani, nguzo za juu zilipangwa kila baada ya mita 6, lakini chini walitaka uwazi, kwa hiyo nguzo zikawekwa kila baada ya mita 12. Nguzo za katikati zilizokosa mguu zilikalia bimu kubwa kwenye usawa wa ghorofa ya tatu. Nguzo tatu za chini zilipoondoka, bimu hiyo ilibaki hewani kwa mita 48 hivi, ikiwa imebeba ghorofa zote za juu yake. Hakuna bimu ya aina ile inayoweza kuvumilia hali hiyo.

Anguko la namna hii huitwa anguko la mfululizo: kipande kimoja kinaharibika, kinamwachia jirani mzigo asioumudu, naye anamwachia mwingine. Sheria za kulizuia zilianzia Uingereza, baada ya gesi kulipuka katika jengo la Ronan Point, London, tarehe 16 Mei 1968. Mlipuko ulikuwa ghorofa ya 18, lakini kona nzima ya jengo ilishuka. Tangu hapo mhandisi anatakiwa kujiuliza swali jipya. Zamani aliuliza kama nguzo itabeba mzigo wake. Sasa anauliza pia: nguzo hii isipokuwepo, mzigo utapita wapi?

Tuchukue jengo la ofisi la ghorofa tano, lenye nguzo kila baada ya mita 6 kwa pande zote mbili. Slabu, sakafu na sehemu ya uzito wa watu na samani tuseme ni kilo 600 kwa kila mita ya mraba. Nguzo ya katikati hubeba mita za mraba 36 za kila ghorofa, yaani tani 21.6. Kila bimu inavuka mita 6. Iondoe nguzo hiyo, na bimu mbili zilizokutana juu yake zinakuwa bimu moja ya mita 12. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuipinda bimu huongezeka mara nne hivi. Kibaya zaidi, inageuka upande. Juu ya nguzo, bimu huvutika upande wa juu, kwa hiyo nondo nyingi huwekwa juu. Nguzo ikitoka, mahali hapo hapo panavutika upande wa chini. Na nondo za chini, katika kazi nyingi, huishia ndani ya nguzo kwa urefu mdogo tu, kwa kuwa hesabu ya kawaida haizihitaji pale. Bimu inafunguka kwenye maungio kabla hata zege halijapondeka.

Hapo ndipo zinapoingia nondo za kufungia jengo. Kanuni za Ulaya zinataka kila ghorofa ifungwe kwa nondo zinazopita kutoka ukingo hadi ukingo bila kukatika, kwa pande zote mbili. Nguvu inayotakiwa kwa ndani ni asilimia 80 ya ule mzigo wa nguzo kwa ghorofa moja, na isipungue tani 7.5 hivi. Kwa jengo letu ni tani 17.3. Nondo moja ya milimita 16, ya chuma cha daraja la 500, inavuta karibu tani 10 kabla ya kulegea. Nondo mbili za chini zinazopita moja kwa moja ndani ya nguzo zinatosha, na inaruhusiwa kuzihesabu zile zile zilizopo tayari kwa kazi nyingine. Nguzo nayo ifungwe kwa wima, iweze kuning'iniza tani 21.6 za ghorofa moja bila kuchomoka. Nondo nne za milimita 12 zinafika hapo, mradi maungio yake yawe na urefu kamili. Ukiangalia gharama, ni kidogo mno kwa kinachopatikana.

Lakini hesabu hii isichukuliwe kama ahadi. Fikiria kamba ya kuanikia nguo: ikining'inia sana huvutika kidogo, ikikazwa karibu na usawa mvuto wake unakuwa mkubwa kupita kiasi. Bimu iliyopoteza nguzo hufanya hivyo hivyo. Ili nondo za tani 17.3 zibebe tani 21.6 kwa kugawana pande nne, sakafu ingelazimika kushuka karibu mita 2. Maungio ya kawaida ya zege hukatika kabla ya kufika huko. Mwongozo wa majengo ya jeshi la Marekani umeliona hilo: unataka nguvu zaidi ya mara nne kwa mfano kama huu, na hauruhusu bimu kuhesabiwa kama kifungio mpaka ithibitike kwamba maungio yake yanaweza kupinda nyuzi 11 hivi yakiwa bado yamebeba nguvu hiyo. Mimi naona mwongozo huo ndio mkweli zaidi.

Kwa jengo lenye hatari kubwa, mhandisi hatosheki na kufunga. Huiondoa nguzo kwenye hesabu, moja baada ya nyingine, ghorofa baada ya ghorofa, kisha hutazama kama bimu, slabu na ghorofa za juu zinaweza kuupitisha mzigo njia nyingine. Katika hesabu rahisi, mzigo ulio juu ya sehemu iliyopoteza nguzo huzidishwa mara mbili, kwa sababu nguzo ikitoka ghafla sakafu hushuka kwa kishindo. Kanuni za Ulaya zinakubali sehemu ndogo ianguke, isiyozidi asilimia 15 ya sakafu au mita za mraba 100, katika ghorofa mbili zinazofuatana. Ikizidi, nguzo hiyo lazima ijengwe iweze kuhimili msukumo wa kilonyutoni 34 kwa kila mita ya mraba, kiasi kilichochukuliwa kutokana na Ronan Point.

Nguzo za kona ndizo zinazosumbua zaidi. Nguzo ya katikati ina majirani pande nne wa kuvutana nao. Ya kona haina mtu upande wa nje, kwa hiyo nondo za kufungia hazina pa kushika, na bimu zake hubaki zikining'inia upande mmoja. Hapo kinachookoa ni nondo za juu za kutosha, ringi zilizobanana karibu na nguzo, na ghorofa za juu kushirikiana.

Anayejenga ghorofa anaweza kuyaona haya kwa macho kabla zege halijamwagwa. Nondo za chini za bimu zipite katikati ya nguzo, au ziungane kwa urefu wa mara 40 hadi 50 ya kipenyo chake, yaani sentimita 64 hadi 80 kwa nondo ya milimita 16. Za kwenye ukingo zizunguke jengo lote na kukunjwa kwenye kona. Ukikuta zimekatwa sentimita chache ndani ya nguzo, simamisha kazi umwite mhandisi. Na aliye na duka chini ya ghorofa, anayetaka kubomoa nguzo moja ili kupanua mlango, asimguse fundi kwa kazi hiyo kabla mhandisi hajaandika mzigo wa nguzo ile utapita wapi.