Barua ya paa linalovuja: andika ulichokiona, taja tarehe

Katika nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam, habari ya paa linalovuja huishia kwenye simu. "Mzee, huku maji yanaingia." "Nitamtuma fundi." Fundi haji, masika yanakatika, doa kwenye dari linakauka, na hakuna anayelizungumzia tena mpaka vuli. Vuli ikifika, mwenye nyumba anaweza kusema hakuwahi kuambiwa, nawe huna cha kumwonyesha. Barua fupi yenye tarehe huondoa ubishi huo, ndiyo maana inafaa kuandikwa wakati dari bado linadondosha maji.

Mpangaji asiandike kama anayeomba hisani. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inamwekea mpangishaji wajibu hata kama mkataba wenu haukuutaja. Unapopangishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje na mifereji mikuu ni vyake kuvitunza. Nyumba au chumba cha kuishi nacho lazima kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku unayoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Kwa hiyo aliyepanga vyumba viwili katika nyumba ya vyumba sita amesimama mahali pazuri, kwa sababu paa la juu yake linafunika na wenzake, na si lake kulitengeneza. Aliyepanga nyumba nzima asome mkataba wake kwanza. Huenda aliahidi kufanya matengenezo fulani mwenyewe, na hapo hoja yake kubwa itakuwa kwamba nyumba haikaliki.

Tuchukue mfano wa mpangaji wa vyumba viwili Mbagala, aliyelipa kodi ya miezi sita kwa mpigo. Barua yake inaweza kuwa hivi:

12 Aprili 2025

YAH: KUVUJA KWA PAA, VYUMBA NAMBA 3 NA 4

Mzee, shikamoo. Mimi ni mpangaji wako wa vyumba namba 3 na 4, na kodi yangu imelipwa hadi tarehe 30 Juni 2025.

Maji yanaingia ndani mvua inaponyesha. Niliyaona mara ya kwanza tarehe 28 Machi, nikakupigia simu siku hiyohiyo. Yamerudi tarehe 3 na tarehe 9 Aprili. Chumba namba 3 yanadondoka sehemu mbili: kwenye kona ya ukuta wa nyuma, na kando ya taa ya katikati. Chumba namba 4, dari limelainika na kushuka upande wa dirishani. Godoro moja limelowa na kuharibika. Picha za siku zote tatu nimekutumia.

Naomba kufikia tarehe 16 Aprili fundi awe amekagua paa na kuziba kwa muda, hasa juu ya taa, kwa kuwa maji yapo karibu na umeme. Kufikia tarehe 30 Aprili, paa liwe limetengenezwa lisivuje tena, na dari lililoharibika libadilishwe. Nikiwa kazini, ufunguo utakuwa kwa mama wa chumba namba 1.

Tarehe 30 Aprili ikipita bila matengenezo, nitalifikisha suala hili kwa mwenyekiti wa mtaa na kisha Baraza la Kata, nikidai pia fidia ya mali yangu. Ningependa tulimalize sisi wenyewe.

Mpangaji wako.

Barua hii haisemi paa limeharibika wapi, na imefanya hivyo kwa makusudi. Mara nyingi maji hayadondoki chini ya tundu yalimoingilia. Yanaweza kupenya kwenye msumari ambao mpira wake umekauka na kupasuka, au chini ya kofia ya paa, au pale bati linapokutana na ukuta, kisha yakafuata papi na kenchi hadi upande mwingine kabla ya kudondoka. Kwenye nyumba za kisasa zilizofichwa paa kwa ukuta, mara nyingi tatizo ni mfereji wa ndani ulioziba majani, maji yakajaa na kurudi nyuma chini ya bati. Mpangaji aliye chini hawezi kuyajua hayo. Akiandika "naomba ubadilishe bati lililotoboka," mwenye nyumba atabadilisha bati moja, kuvuja kutaendelea, naye atasema ametimiza alichoombwa. Wewe eleza unachokiona kwa macho: chumba, mahali, siku, kilichoharibika. Halafu dai matokeo, yaani paa lisivuje. Kazi ya fundi hupimwa na mvua inayofuata, si rangi mpya ya dari.

Tarehe mbili katika barua zinatokana na kazi yenyewe. Kuziba kwa muda, kwa turubai au lami ya kuzibia, hakuhitaji zaidi ya fundi mmoja na saa chache za jua, kwa hiyo siku nne zinatosha hata katikati ya masika. Matengenezo kamili yanahitaji paa likauke, kwa kuwa bati lenye maji linateleza na lami haishiki vizuri juu ya unyevu. Pengine papi zilizooza zitabadilishwa, na mwenye nyumba atahitaji nafasi ya kutafuta fedha. Ukimpa siku tatu kwa kazi yote, utaonekana wewe ndiye usiye na busara siku mtakapokaa mbele ya wazee. Taja tarehe ya kalenda pia, maana "ndani ya wiki mbili" huzaa ubishi wa kuanzia lini.

Toa nakala mbili. Mwenye nyumba, au mtu anayemkusanyia kodi, asaini yako na kuandika tarehe aliyoipokea. Akikataa, peleka barua mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, waipokee wao. Anayeishi mbali mtumie picha ya barua kwa simu na usifute mazungumzo: tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa namna hiyo unaweza kupokelewa kama ushahidi.

Jambo linalowaponza wengi ni kuacha kulipa kodi, au kumwita fundi na kukata gharama bila makubaliano. Hapo mwenye nyumba anapata kesi yake ya kodi isiyolipwa, na habari ya paa inafunikwa. Mkikubaliana utengeneze wewe, andikianeni kabla fundi hajapanda: kazi gani, shilingi ngapi, na zitapunguzwa kwenye kodi ya mwezi upi. Akiomba siku zaidi kwa sababu ya kweli, mpe, ila kwa maandishi na kwa tarehe mpya. Wakati huohuo, maji yakifika kwenye taa, zima umeme kwenye swichi kuu na usiiguse taa hiyo mpaka fundi umeme aikague.

Tarehe ikipita kimya, fanya ulichosema, bila kutuma barua ya pili wala ya tatu. Mwenyekiti wa mtaa huwa anawafahamu wote wawili, na migogoro mingi huishia kwake. Isipoishia hapo, kuna Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa kuwapatanisha, linathibitisha hivyo, ndipo shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya; siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda huko hata bila uthibitisho huo. Nenda na mkataba, risiti za kodi, nakala iliyosainiwa, picha za dari, na risiti ya godoro kama unayo.