Stoo ya Jikoni: Kinachoingia Kwanza Kitoke Kwanza

Katika majiko ya hospitali na shule za bweni, chakula huharibikia stoo kwa sababu kuu mbili: kipya hupangwa mbele ya cha zamani, au huagizwa kingi kuliko kinachopikwa.

Sababu ya kwanza huzuiwa wakati wa kupokea mzigo. Mtunza stoo huandika tarehe kwenye kila gunia au katoni, husogeza mbele zilizokuwapo na kuweka mpya nyuma. Ikiwa mzigo mpya utaisha muda mapema kuliko uliopo, ndio utumike kwanza.

Sababu ya pili huzuiwa kwa kuweka kiwango cha akiba. Tuseme jiko hupika kilo 20 za unga kwa siku na huletewa kila baada ya siku 7. Ukiongeza akiba ya siku 2, gari lisije likachelewa, kiwango ni kilo 180. Siku ya mzigo zikihesabiwa kilo 50, hupokelewa 130 pekee.

Hesabu hiyo haifai chumba baridi. Maziwa yanayodumu siku 5 yakiwekewa kiwango cha siku 9, yataharibika kabla ya zamu yake, hata yapangwe vizuri namna gani. Afadhali yaletwe kila baada ya siku 2, na akiba iwe ya siku moja.

Pakiti zilizopitwa na muda zikipatikana nyuma ya mpya, kosa ni la mpangilio. Zikipatikana mbele, kiwango kipunguzwe.