Kifaa Kikiganda Mbali na Fundi

Kifaa cha kupima kina cha mto kikiganda usiku wa masika, hakuna mtu wa kukizima na kukiwasha. Ndani ya ESP32, chipu inayotumika sana kwenye vifaa vya aina hii, ipo saa mlinzi. Programu huianzisha upya kila mzunguko wa kazi. Muda uliopangwa, tuseme sekunde 60, ukiisha bila saa kuguswa, chipu huwashwa upya.

Kosa la kawaida ni kuacha saa hiyo iguswe na kazi ndogo ya pembeni. Modemu ikikwama, kazi hiyo huendelea, na mlinzi hudhani mambo ni shwari. Iguswe na kazi yenyewe ya kupima na kutuma.

Programu mpya hutumwa kwa mtandao wa simu na kuandikwa kwenye chumba cha pili cha kumbukumbu; ya zamani hubaki mahali pake. Mpya ikiwaka, lazima ijithibitishe:

```c
esp_ota_mark_app_valid_cancel_rollback();
```

Chipu ikijizima na kuwaka kabla ya amri hiyo, ya zamani hurudi, mradi uwezo huo uliwezeshwa tangu kifaa kinatengenezwa. Usiiweke mwanzoni: programu isiyoweza kufika mtandaoni itajipitisha yenyewe, na hutaweza kuirekebisha tena ukiwa mbali. Isubiri jibu la seva; likikosekana kwa dakika 10, programu ijiwashe upya yenyewe.

Kabla ya kukipeleka mtoni, tuma programu mpya, chomoa antena kabla haijathibitishwa, uone kama ya zamani inarudi.