Saa tatu London, saa sita Nairobi: nani amechelewa zamu?

Kwa msimamizi wa zamu katika kituo cha Nairobi kinachopokea simu za wateja wa Uingereza, kuna Jumatatu mbili kila mwaka za kuangalia kwa jicho kali. Moja inafuata Jumapili ya mwisho ya Machi, nyingine inafuata Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Usiku wa kuamkia Jumapili hizo Waingereza hubadilisha saa zao: Machi huzisogeza mbele saa moja, Oktoba huzirudisha. Kenya haibadilishi kitu. Nairobi hubaki saa tatu mbele ya UTC, ule muda wa pamoja ambao kompyuta za dunia nzima huhesabia, mwaka mzima.

Tutazame kitakachotokea Oktoba 2026. Laini za simu hufunguliwa saa tatu asubuhi ya London. Ijumaa, tarehe 23, saa tatu hiyo ni saa tano asubuhi Nairobi, na kila mtu anaingia zamu bila tatizo. Jumatatu, tarehe 26, London imesharudisha saa, kwa hiyo saa tatu yao sasa ni saa sita mchana Nairobi. Mpokea simu aliyesoma tangazo ukutani anafika mapema kidogo na kubonyeza kitufe cha kuanza zamu saa sita kasoro dakika mbili. Kwenye skrini ya msimamizi jina lake limekuwa jekundu kwa karibu saa nzima: amechelewa dakika 58. Na wenzake wote nao ni wekundu.

Kosa liko kwenye namna ratiba ilivyoandikwa. Aliyeunda mfumo alisikia kwamba muda wote uhifadhiwe kwa UTC, akaigeuza ile saa tatu ya London kuwa 08:00 UTC, kama ilivyokuwa kweli wakati wa kiangazi, kisha akaiamuru ijirudie kila siku ya kazi. Mfumo uliendelea kuwangoja watu saa 08:00 UTC hata baada ya London kuhama.

Ushauri wa kuhifadhi UTC ni mzuri kwa jambo lililokwisha kutokea. Mtu akibonyeza kitufe, tukio limepita, na lilitokea kwa wakati mmoja tu, uwe unautazama ukiwa Kigali au Maskati. Zamu ya wiki ijayo ni ahadi, na ahadi hiyo imefungwa kwenye saa ya ukutani ya mahali fulani. Kwa hiyo ratiba huandikwa kwa saa ya mahali pamoja na jina la mahali penyewe, na kompyuta huigeuza kuwa UTC upya kwa kila tarehe. Rekodi moja iliyokaa sawa huonekana hivi:

```
planned_start = 2026-10-26 09:00 Europe/London
started_at    = 2026-10-26T09:01:12Z
received_at   = 2026-10-26T09:34:50Z
```

Herufi Z mwishoni ina maana kwamba hiyo ni UTC. Mstari wa kwanza hauna Z, na haikusahaulika: ule ndio ahadi.

Kwa nini jina la mji, na si tofauti ya saa tu, kwa mfano +3? Waulize wapanga safari za malori ya Mombasa kwenda Juba. Hadi mwisho wa Januari 2021, Sudan Kusini ilikuwa saa moja na Kenya. Tarehe 1 Februari mwaka huo nchi hiyo ilirudisha saa nyuma kwa saa moja na kubaki +2. Ratiba iliyoandikwa `Africa/Juba` ilihitaji tu kompyuta ipate orodha mpya ya kanda za saa, orodha inayotunzwa kwa pamoja na kusambazwa kwa mifumo yote. Ratiba iliyoandikwa +3 ilibaki kudai makarani wa bohari wafike saa moja kabla ya wakati wao, na hakuna sasisho ambalo lingeiokoa, kwa sababu namba tatu haisemi ni ya mji gani.

Turudi kwenye ile mistari mitatu, maana wa pili na wa tatu wana tofauti ya dakika 33. Mfanyakazi huyu anafanyia kazi nyumbani. Alibonyeza kitufe saa sita na dakika moja, lakini mtandao ulikuwa umekatika; simu ikaihifadhi taarifa na kuituma mtandao uliporudi. Seva ilikuwa na amri rahisi: kila dakika, tazama zamu ambazo muda wake wa kuanza umepita kwa dakika tano na hazina rekodi ya kuanza, uziwekee alama. Kwa hiyo saa sita na dakika sita alama iliwaka, na kwa taarifa zilizokuwapo wakati huo, iliwaka kwa haki.

Taarifa ilipofika, alama ilipaswa kuzimwa. Nasema kuzimwa, si kufutwa. Mfumo mzuri huacha saa ya kuwaka, saa ya kuzimwa na sababu, maana msimamizi huenda tayari alikwishampigia mtu wa akiba aje kuziba pengo, na mwisho wa mwezi mhasibu atauliza kwa nini watu wawili walilipwa kwa kiti kimoja.

Je, saa ya simu iaminiwe? Simu ikivuka mpaka wa Rusumo na kushika mnara wa Rwanda, saa inayoonekana hurudi nyuma kwa saa moja, lakini hesabu ya UTC iliyo ndani haiguswi. Hatari iko kwa anayezima mpangilio wa moja kwa moja na kuisogeza saa kwa mkono. Huyo hubadilisha na hesabu ya ndani. Ndiyo maana simu ikiunganishwa, programu hulinganisha saa yake na ya seva na kuandika tofauti. Ikiwa simu iko nyuma dakika 14, muda wa kuanza nao husogezwa dakika 14 kabla ya kuhukumu.

Ukubwa wa kosa wenyewe hukuonyesha chanzo. Watu hawachelewi wote kwa saa moja kamili. Ukiona hivyo, tafuta mabadiliko ya saa Ulaya au mpaka wa ukanda. Tofauti ya saa sita mara nyingi ni ya kwetu: mtu kaambiwa zamu inaanza saa mbili asubuhi, akaingiza 02:00 badala ya 08:00. Ya saa tatu ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haipigi kelele. Mfumo ukiichukua 08:00 ya Nairobi kana kwamba ni UTC, utamngoja mtu hadi saa tano asubuhi, na hapo hakuna atakayeonekana amechelewa hata kidogo. Skrini isiyo na wekundu kwa mwezi mzima nayo inafaa kuchunguzwa.

Palipobaki ni zamu ya usiku, ambayo mabadiliko ya saa hugusa mshahara moja kwa moja. Jumamosi hiyo ya tarehe 24 Oktoba, zamu ya London inaanza saa nne usiku na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Kwa saa za ukutani ni saa nane. Lakini saa saba na nusu ya usiku huo inapita London mara mbili, kabla na baada ya saa kurudishwa. Kwa UTC, zamu inaanza 21:00 na kuisha 06:00, na mfanyakazi wa Nairobi aliyeingia saa sita kamili usiku anatoka saa tatu asubuhi akiwa ametimiza saa tisa. Programu inayotoa saa ya ukutani kwenye saa ya ukutani itamlipa nane. Machi hali hugeuka: zamu hiyohiyo ni ya saa saba, na programu hiyohiyo italipa nane. Kwa mtu anayefanya usiku zote mbili hesabu inalingana. Anayefanya wa Oktoba peke yake anadai saa moja, na ushahidi wake ni ile mihuri miwili ya muda yenye Z.