Escherichia au Shigella? Uwezo na Mipaka ya Usomaji wa Jeni ya 16S na wa Metajenomiki katika Sampuli za Kinyesi

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayechunguza bakteria wa utumbo wa watoto wenye kuhara hukutana mapema na safu moja ya jedwali inayotatiza. Katika hifadhidata ya SILVA safu hiyo huandikwa `Escherichia-Shigella`, na katika RDP huandikwa `Escherichia/Shigella`. Kistari hicho si kosa la uchapaji. Ni ungamo kwamba kipimo kilichotumika hakiwezi kuyatenganisha majina hayo mawili. Hata hivyo, mwandishi akifika kwenye sura ya mjadala hushawishika kuiacha nusu ya kwanza ya jina na kuandika kwamba Shigella wameongezeka kwa watoto wagonjwa.

Tofauti hiyo ina uzito. Escherichia coli wa kawaida ni mkazi wa utumbo wa karibu kila mtoto mwenye afya, ilhali Shigella husababisha kuhara damu na mgonjwa wake huhitaji antibiotiki. Makala haya yanatumia mfano huo mmoja kueleza kile ambacho kila mojawapo ya njia mbili inaweza kukibainisha: usomaji wa sehemu ya jeni ya ribosomu iliyokuzwa, yaani amplikoni ya 16S, na metajenomiki ya vipande nasibu, ambapo DNA yote ya sampuli hukatwakatwa na kusomwa bila kuchagua jeni yoyote.

2.0 Kile ambacho jeni ya 16S hukiona

Jeni ya 16S ina urefu wa takriban besi 1,540, na ndani yake sehemu zisizobadilika hupishana na sehemu tisa zinazobadilika, kuanzia V1 hadi V9. Praima hushika sehemu zisizobadilika, kisha mmenyuko wa PCR hukuza kilichomo katikati. Sehemu ya V4, ambayo hutumika sana, hutoa kipande cha takriban besi 253. Kwa kuwa kila kipande kinachosomwa hutoka katika jeni hiyo hiyo, vipande elfu kadhaa kwa sampuli hutosha kuonyesha makundi makuu ya bakteria yaliyomo. DNA ya binadamu iliyochanganyika na kinyesi haileti gharama kubwa, kwani praima huiacha. Hizi ndizo sababu za njia hii kufaa pale sampuli zinapokuwa nyingi na swali linapohusu mwelekeo wa jamii nzima ya bakteria.

Kizuizi chake kinatokana na historia ya viumbe vyenyewe. Kwa mujibu wa nasaba zao za kijenetiki, Shigella si ndugu wa mbali wa E. coli, bali ni matawi kadhaa yaliyochipuka ndani ya E. coli. Jina la jenasi limebaki kwa sababu za kitabibu na kihistoria. Kwa hiyo, besi 253 za V4 za Shigella na za E. coli kwa kawaida huwa zile zile. Hata jeni nzima ikisomwa, tofauti inayosalia ni ya besi chache. Tena E. coli ana nakala saba za jeni hii katika jenomu moja, na nakala hizo zinaweza kuhitilafiana zenyewe kwa zenyewe. Programu kama `DADA2`, inayotenganisha mifuatano hadi tofauti ya besi moja, huweza basi kuonyesha mifuatano miwili au mitatu kutoka kwa bakteria wa aina moja tu. Msomaji asiyelijua hilo atadhani ameona spishi mbili.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano wa Gambia, Mali, Kenya na Bangladesh ni kielelezo kizuri cha nidhamu inayotakiwa. Watafiti walitumia jeni ya 16S, wakaona uhusiano kati ya kuhara na kundi la Escherichia/Shigella, na pia kundi la Streptococcus mitis/pneumoniae. Majina yote mawili yaliachwa na mikwaju yake. Matokeo hayakupungukiwa na thamani. Yalitajwa tu katika kiwango ambacho kipimo kilikifikia.

Baadhi ya watafiti hujaribu kuvuka kizuizi hiki kwa programu kama `PICRUSt2`, inayokisia jeni zilizomo kutokana na mfuatano wa 16S. Kwa swali letu ukisiaji huo hausaidii. Programu hutazama jenomu za rejea zinazokaribiana na mfuatano uliosomwa, kisha hutoa jibu kwa kufuata jenomu hizo. Mifuatano miwili inayofanana kabisa itapewa jeni zile zile, hata kama mmoja umetoka kwa mtoto mzima na mwingine kwa mtoto anayehara damu.

3.0 Kile ambacho metajenomiki huongeza, na mtego wake

Kinachomfanya Shigella awe Shigella ni jeni za uvamizi. Nyingi kati yake hubebwa katika plasmidi kubwa ya takriban besi 220,000. Jeni ya ipaH, ambayo hupatikana katika plasmidi na pia katika kromosomu kwa nakala kadhaa, ndiyo alama inayotegemewa zaidi. Metajenomiki husoma jeni hizi moja kwa moja, na hapo ndipo inapoipita 16S: swali linaacha kuwa "ni jina gani?" na kuwa "ni jeni gani zimo?"

Hata hivyo, jibu lina mpaka. E. coli wavamizi wa utumbo nao wana ipaH na plasmidi inayofanana na hiyo. Kuiona ipaH kunaruhusu kuandika "Shigella au E. coli mvamizi", wala hakuruhusu zaidi ya hapo mpaka alama nyingine za kromosomu zichunguzwe.

Mtego mkubwa zaidi ni wa majedwali ya spishi. Programu kama `Kraken2` hulinganisha vijisehemu vifupi vya mfuatano na jenomu za rejea. Kwa kuwa sehemu kubwa ya jenomu ya E. coli na ya Shigella ni ya pamoja, kipande kilichotoka kwa E. coli asiye na madhara kinaweza kuhesabiwa kuwa cha Shigella flexneri, hasa iwapo nasaba yake halisi haimo katika hifadhidata. Jedwali litaonyesha asilimia fulani ya Shigella katika mtoto mwenye afya kamili. Namna ya kulitambua kosa hili ni kurudi kwenye vipande vyenyewe. Kama Shigella yupo kweli, na kina cha usomaji kinaruhusu, vipande vya ipaH na vya jeni nyingine za plasmidi ya uvamizi vitapatikana, na vitakuwa vimesambaa katika urefu wote wa jeni hizo. Vikikosekana kabisa, au vikirundikana mahali pamoja pafupi, jina lililomo katika jedwali halina msingi.

4.0 Kina cha usomaji: lini kutoona ni kutokuwapo?

Mtafiti akikosa jeni aliyoitafuta, ni lazima ahesabu kwanza kama alikuwa na nafasi ya kuiona. Tuchukue sampuli iliyosomwa kwa jumla ya besi bilioni 5. Iwapo asilimia 1 ya DNA hiyo ni ya E. coli mwenye sumu, tutapata besi milioni 50 zake. Jenomu yake ikiwa ya besi milioni 5, kila sehemu itakuwa imesomwa kwa wastani mara 10, na hilo linatosha kuichunguza vizuri. Akiwa asilimia 0.1, wastani ni mara 1, na takriban asilimia 37 ya jenomu haitaguswa kabisa. Akiwa asilimia 0.01, wastani ni 0.1.

Katika kiwango hiki cha mwisho tuitafute stx2, jeni ya sumu ya Shiga yenye urefu wa takriban besi 1,200, kwa vipande vya besi 150. Idadi ya vipande vinavyotarajiwa kuiangukia ni 0.1 × 1,200 ÷ 150, yaani 0.8. Uwezekano wa kutopata hata kimoja ni e^(−0.8), au asilimia 45. Mtafiti anayeandika "stx2 haikuwapo" katika hali hiyo anakaribia kurusha shilingi. Na iwapo asilimia 80 ya DNA iliyosomwa ni ya binadamu, kama inavyoweza kutokea katika kinyesi chenye damu na kamasi, kina chote kilichohesabiwa hapo juu hugawanywa kwa tano.

Mlipuko wa E. coli O104:H4 nchini Ujerumani mwaka 2011 ulionyesha jambo hili kwa vitendo. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, sampuli 45 za kinyesi zilisomwa kwa metajenomiki. Jenomu ya nasaba ya mlipuko ilipatikana kwa kina cha zaidi ya mara 10 katika sampuli 10 tu. Njia ilifanikiwa, kwa maana nasaba ilitambulika bila kuoteshwa maabara, lakini haikuwa mbadala wa kuotesha kwa kila mgonjwa.

Mlipuko huo unafundisha pia ugumu wa kuunganisha jeni na mwenyeji wake. Nasaba hiyo ilikuwa E. coli wa kundi la kujikusanya, aliyepata stx2 kupitia faji. Katika utumbo wenye nasaba kadhaa za E. coli, vipande vifupi huonyesha kuwa stx2 imo, na jeni za kujikusanya zimo. Mfuatano unaojengwa kutokana na vipande hivyo mara nyingi hukatika penye faji, kwa sababu faji zinazofanana hurudiarudia. Hivyo hatuwezi kusema kwamba jeni zote mbili zimo katika bakteria mmoja. Usomaji wa vipande virefu hupunguza tatizo hili, na kuotesha hulimaliza.

5.0 Asilimia katika jedwali ni asilimia ya nini?

Tuseme sampuli ina seli 100 za E. coli na seli 100 za Bifidobacterium longum. E. coli ana nakala saba za 16S, na B. longum ana takriban nne. Jedwali la 16S litaonyesha 700 kwa 400, yaani asilimia 64 kwa 36. Katika metajenomiki, jenomu ya E. coli ni ya besi milioni 4.6 na ya B. longum ni milioni 2.3, hivyo vipande vitagawanyika kwa asilimia 67 kwa 33. Njia zote mbili zimempendelea E. coli, kwa sababu tofauti. Katika metajenomiki, kugawanya kwa urefu wa jenomu hurudisha uwiano wa nusu kwa nusu. Katika 16S marekebisho huhitaji idadi ya nakala, na kwa spishi nyingi za utumbo idadi hiyo haijapimwa.

Kuna upendeleo mwingine unaotangulia njia zote mbili. Ukuta wa Bifidobacterium ni mgumu kupasuka, na uchimbaji wa DNA usiotumia shanga za kusagia humpunguza kabla ya chochote kusomwa. Hakuna hesabu ya baadaye inayoweza kurudisha DNA ambayo haikutoka ndani ya seli.

6.0 Hitimisho

Kwa swali la iwapo jamii ya bakteria ya watoto wanaohara inatofautiana na ya wenye afya, 16S inatosha, mradi jina Escherichia/Shigella liachwe zima. Kwa swali la iwapo mtoto fulani ana jeni za uvamizi au sumu, metajenomiki inahitajika, nayo iambatane na hesabu ya kina kwa kila sampuli iliyotangazwa kuwa haina. Kwa swali la ni nasaba ipi inayobeba jeni hizo, jibu la kuaminika bado hutoka kwenye bakteria aliyeoteshwa. Tasnifu inayotaja Shigella inapaswa kumwonyesha mtahini, katika sura ya mbinu, ni ipi kati ya ngazi hizi tatu iliyofikiwa.